Chipu moja, majibu matatu: 1, 8 au 9? Naomba tupitie hesabu ya biti, baiti, kilobaiti na kibibaiti

binti_jinja
Habari zenu wakuu. Tuko mwaka wa kwanza, diploma ya elektroniki, hapa Jinja. Kuna swali la uwezo wa kumbukumbu limegawa kikundi chetu na Jumatatu tunatakiwa kulifanya ubaoni. Nalinakili kama lilivyo:

Chipu ya kumbukumbu aina ya 6264 ina laini 13 za anwani na laini 8 za data. (a) Ina biti ngapi? (b) Ina baiti ngapi? (c) Ni kilobaiti ngapi? (d) Ni kibibaiti ngapi? (e) Zinahitajika chipu ngapi za aina hii kujenga kumbukumbu ya kibibaiti 64?

Kwenye (e) ndipo tulipotawanyika. Mmoja anasema chipu 1 inatosha. Mimi nimepata 8. Mwenzangu kijana_bugembe amepata 9 na hataki kusikia la mtu. Nimemwambia aje hapa hapa aonyeshe njia yake mbele za watu.

kijana_bugembe
Nimekuja dada. Njia yangu ni fupi. Nilifungua karatasi ya maelezo ya chipu yenyewe, wameandika 8K x 8. Kilo ni elfu, hilo tumelijua tangu fizikia ya sekondari: kilomita ni mita 1,000, kilogramu ni gramu 1,000. Kwa hiyo chipu moja ni baiti 8,000. Kumbukumbu inayotakiwa ni kibibaiti 64, na kibibaiti ni 1,024, kwa hiyo 64 x 1,024 = baiti 65,536. Gawanya kwa 8,000 unapata 8.192. Huwezi kununua chipu 0.192, unapandisha, zinakuwa 9. Wapi nimekosea?

binti_jinja
Mimi sikuanzia kwenye ile 8K, nilianzia kwenye laini. Kila laini ya anwani iko kwenye 0 au 1. Laini 13 zinatoa michanganyiko 2^13, yaani 8,192. Hizo ndizo sehemu za kuhifadhia. Kila sehemu inatoa biti 8 kwa pamoja kwa sababu laini za data ni 8. Basi:

```
2^13 x 8      = 65 536 b
65 536 / 8    =  8 192 B
8 192 / 1 000 =  8.192 kB
8 192 / 1 024 =  8 KiB
```

Halafu (e) ni 64 / 8 = 8. Sasa kaka, wewe unasema 8,000. Hizo 192 nyingine umezipeleka wapi? Laini zipo 13, haziwezi kuhesabu mpaka 8,000 zikasimama.

mzee_wa_mbale
Wanangu, mnajisumbua bure. Kanuni ni nyepesi, niliitumia miaka yote nilipokuwa nashughulika na kompyuta za ofisi. K kubwa ni 1,024 na k ndogo ni 1,000. Ukiona 8K, herufi kubwa, piga 1,024. Ukiona kg au km, herufi ndogo, piga 1,000. Basi. Hayo mambo ya kibi yameletwa juzi juzi kuchanganya watoto.

fundi_arua
Mzee wangu, heshima yako. Hapo kwenye K umesema kweli nusu. Ni desturi iliyozoeleka, na watengenezaji wa chipu za kumbukumbu bado wanaandika hivyo: kwenye chipu, K yao ni 1,024. Ila panda ngazi moja uone kama kanuni inasimama. Ukifika mega, herufi ni M kubwa kwa milioni ya kawaida na M kubwa hiyo hiyo kwa 1,024 x 1,024. Huwezi kutumia m ndogo, hiyo ni mili, sehemu moja ya elfu. Giga nayo ni G kubwa pande zote mbili. Kwa hiyo ukubwa wa herufi unakusaidia kwenye K tu, baada ya hapo umebaki gizani. Ndiyo maana mwaka 1998 shirika la IEC likatoa majina ya pembeni: kibi, mebi, gibi, na alama KiB, MiB, GiB. Si ya juzi sana.

Na nyinyi wadogo zangu, dada amepita njia sahihi. Kumbukumbu ya aina hii huhesabiwa kuanzia kwenye pini. Mimi 6264 nimezishika sana kwenye bodi za mashine za zamani. Ina pini 28. Zihesabu: A0 mpaka A12 ni 13, data ni 8, jumla 21. Zinabaki pini 2 za kuichagua chipu, 1 ya kuandika, 1 ya kuruhusu kutoa, 1 ya umeme, 1 ya ardhi, na 1 haijaunganishwa na kitu. Jumla 28. Ukianzia hapo huhitaji kuuliza K ya nani.

Kijana, kosa lako si kwamba kilo ni elfu. Kilo ni elfu kweli. Kosa ni kwamba upande wa juu umeweka 1,024 na upande wa chini umeweka 1,000, kisha ukagawanya. Sehemu ile 0.192 si chipu inayokosekana. Ni tofauti ya vipimo viwili imejificha kwenye jibu.

kijana_bugembe
Sawa fundi, lakini swali lenyewe linaniambia niseme kilobaiti kwenye (c). Kama kilo ni elfu, si nilikuwa na haki ya kuitumia?

fundi_arua
Una haki, ila uitumie mpaka mwisho. Chipu ni kilobaiti 8.192, si 8. Na kibibaiti 64 ukizigeuza kuwa kilobaiti ni 65.536. Gawanya sasa 65.536 kwa 8.192 uone.

kijana_bugembe
8 kamili.

Ahaa. Kwa hiyo 8K ya kwenye karatasi nikiiandika kwa kilo za elfu lazima niandike 8.192. Nilikuwa nimechukua namba ya kipimo kimoja na jina la kipimo kingine.

binti_jinja
Na ukichanganya kwa upande wa pili? Tuseme swali lingetaka kilobaiti 64 za elfu, yaani baiti 64,000, na chipu ni baiti 8,192. Nimepiga hapa: 7.8125. Ukipandisha ni 8 tena. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma KiB kama kB, akapata jibu sahihi bila kujua kwamba amepotea.

fundi_arua
Hapo umeona mbali dada. Zingebaki baiti 1,536 ambazo swali halikuziomba, na hakuna ambaye angegundua. Mwalimu akisahihisha kwa kuangalia jibu la mwisho tu, wote wawili mnapata alama. Kwa hiyo angalieni kama mgawanyo umetoka kamili kabla hamjapandisha. Kumbukumbu inayojengwa kwa chipu za namna moja, na ukubwa wake umetajwa kwa kibi, mara nyingi hutoka kamili. Ukiona desimali kama 8.192 au 7.8125, rudi ukakague vipimo kabla ya kugusa kitu kingine.

dereva_busia
Samahani kuingilia. Mimi si mwanafunzi ila naona mnaongea mambo yaliyoniumiza. Nilinunua flashi pale Kampala, kwenye vibanda vya simu, imeandikwa 32 GB. Nimefika nyumbani nimechomeka kwenye kompyuta ya Windows inaniambia 29.8 GB. Hiyo ni zaidi ya GB 2 zimeibiwa. Yaani hata chipu siku hizi wanapunja? Nimrudie yule kijana au nimeshaliwa?

mzee_wa_mbale
Pole sana. Hiyo iliyopungua huwa inakaa mfumo wa mafaili, ni kama gunia, nalo lina uzito wake. Hakuna wizi.

fundi_arua
Mzee, mfumo wa mafaili unakula kidogo kweli, lakini si gigabaiti mbili kwenye flashi ya 32. Hapa tofauti karibu yote ni ile ile ya hawa wanafunzi.

Ndugu dereva, aliyetengeneza flashi anahesabu kwa elfu: 32 GB ni baiti 32,000,000,000. Windows inazichukua baiti hizo hizo inazigawa kwa 1,024 mara tatu, halafu inaandika GB badala ya GiB. Fuata:

```
32 000 000 000 / 1 024 = 31 250 000
31 250 000 / 1 024     = 30 517.6
30 517.6 / 1 024       = 29.8
```

Ukibonyeza flashi kitufe cha kulia ukafungua Properties, utaona pia idadi ya baiti zenyewe imeandikwa kwa ukamilifu pembeni ya hiyo 29.8. Isome. Ikiwa karibu na bilioni 32, hakuna kilichopungua. Ukiichomeka flashi hiyo hiyo kwenye kompyuta ya Mac utaona karibu 32, kwa sababu Mac tangu mwaka 2009 huhesabu kwa elfu.

dereva_busia
Nimeangalia. Inasema 31,9 na tarakimu nyingi mbele, zote kumi na moja. Sawa, ni bilioni 31 na ushei, karibu 32. Basi niko salama? Flashi ni nzima?

fundi_arua
Hapana, usichanganye mambo mawili. Hesabu inaonyesha kwamba 29.8 si dalili ya wizi. Haionyeshi kwamba flashi ni ya kweli. Flashi bandia ndani yake ina kidhibiti kilichofundishwa kudanganya: chipu ina gigabaiti 4 au 8, lakini kikiulizwa kinajibu 32. Kompyuta inaamini, na itakuonyesha 29.8 hiyo hiyo kama ya flashi halali. Utagundua siku umejaza nyimbo na video, za mwanzo zinafunguka, za baadaye zinasema faili limeharibika.

Njia ya kujua ni kuijaza yote kisha kuisoma upya. Kwa Windows iko programu inaitwa H2testw, kwa Linux ni f3. Zinaandika data inayojulikana mpaka flashi ijae, halafu zinasoma kila kilichoandikwa na kulinganisha. Inachukua muda, kwa flashi ya taratibu inaweza kuwa saa kadhaa, na uhamishe vitu vyako kwanza. Ikisoma zote vizuri, yule kijana wa kibandani hana deni na wewe.

dereva_busia
Nashukuru fundi. Nikitoka safari ya Tororo naipima.

binti_jinja
Nina swali hapo hapo. Kwenye chipu yetu tofauti ya kilo na kibi ni ndogo, 8 na 8.192. Kwenye flashi imekuwa gigabaiti mbili na zaidi. Inakua?

fundi_arua
Inakua kila ngazi, kwa sababu unazidisha kosa lile lile. Kibi imezidi kilo kwa asilimia 2.4. Mebi imezidi mega kwa karibu 4.9. Gibi kwa karibu 7.4. Ukifika tebi na tera ni karibu 10. Ndiyo maana enzi za kumbukumbu za kilobaiti hakuna aliyelalamika sana, asilimia mbili unaipuuza.

kijana_bugembe
Turudi kwa yule wetu aliyesema chipu 1. Hayupo humu ila nimemuuliza kwa simu. Anasema: "6264, namba 64 imeandikwa kwenye chipu, swali linataka 64, chipu moja inatosha." Na nikifikiria, jina linamuunga mkono. Chipu kubwa zaidi ya familia hiyo ni 62256, na muuzaji anakuambia hiyo ni ya 256.

fundi_arua
64 ipo kweli. Lakini 64 ya nini? Rudi kwenye mstari wa kwanza wa dada: biti 65,536. Gawanya kwa 1,024, unapata 64. Ni kibibiti 64. Swali linataka kibibaiti 64. Herufi b ndogo na B kubwa, katikati kuna mara nane. Na 62256 ni hivyo hivyo: ina laini 15 za anwani na 8 za data, kwa hiyo kibibiti 256, ambazo ni kibibaiti 32.

Watengenezaji wa chipu huita kwa biti kwa sababu si kila chipu inatoa biti nane kwa mkupuo. Nyingine inatoa 1, nyingine 4, nyingine 16. Biti ndicho kipimo kinachofaa zote.

Tofauti ya majibu yenu ina maana. Ukikosea kilo na kibi unakosa kwa asilimia chache, kama 8.192 badala ya 8, ndiyo ikapandishwa ikawa 9. Ukikosea biti na baiti unakosa mara nane, kama 1 badala ya 8. Jibu likikosekana, angalia limekosekana kwa kiasi gani, utajua lipi limekuponyoka.

binti_jinja
Nimepata njia ya kumshawishi bila hata kugusa vipimo. Kibibaiti 64 ni sehemu 65,536 za biti nane nane. 2^16 = 65,536. Kwa hiyo kumbukumbu nzima inahitaji laini 16 za anwani. Chipu moja ina 13 tu. Laini 3 za juu zitaingia wapi?

fundi_arua
Hizo tatu ndizo zinazochagua chipu. Laini tatu zinatoa michanganyiko 8, na chipu ni 8. Ukijenga kwenye bodi unachukua 74HC138, unaingiza A13, A14 na A15, inatoa laini nane ambazo kwa wakati mmoja ni moja tu inayoshuka chini. Kila laini unaipeleka kwenye pini ya kuchagua ya chipu moja, ile inayowaka kwa sifuri. Pini ya pili ya kuchagua inataka moja, unaifunga kwenye umeme. A0 mpaka A12 zinakwenda kwenye chipu zote nane kwa pamoja, na laini za data pia zinashirikiana. 13 na 3 ni 16. Ukiwa na chipu 9, ya tisa hakuna anwani ya kuiita ndani ya laini 16.

kijana_bugembe
Hapo fundi umenimaliza. Ya tisa haina anwani. Hiyo nitaisema ubaoni.

Bado (c) inanisumbua. Tuandike 8 au 8.192? Kwenye maswali ya miaka ya nyuma tuliyonayo hakuna neno kibibaiti kabisa. Wanaandika KB na majibu yamepigwa kwa 1,024.

binti_jinja
Swali hili limeuliza kilobaiti na kibibaiti kwa vipengele tofauti. Kama majibu yangekuwa sawa asingeuliza mara mbili. Naandika 8.192.

mzee_wa_mbale
Binti yangu, msahihishaji ana karatasi yake mezani. Kama imeandikwa 8, hiyo 8.192 yako atakutazama nayo tu. Mimi ningeandika 8.

binti_jinja
Mzee, nikiandika 8 kwenye (c) na 8 kwenye (d), nimesema kilobaiti na kibibaiti ni kitu kimoja. Siwezi kuandika hivyo halafu niende nikamwambia mwenzangu hesabu yake ya 9 ina kasoro.

fundi_arua
Kwa swali hili niko na dada. Kwa swali linalosema KB peke yake, bila kutaja kibi popote, sitabishana na mzee: mengi ya zamani yanamaanisha 1,024, na kwenye chipu za kumbukumbu hata viwango vya JEDEC vinaitambua K hiyo. Andikeni mstari mmoja juu ya hesabu, "nimechukua 1 KB = 1,024 B", ili msahihishaji aone mlichokusudia. Kama atawapa alama au hatawapa, hiyo iko mikononi mwake.

kijana_bugembe
Kuna mwenzetu anasoma mtaala wa Cambridge kwenye shule moja Kampala, anasema wao hawaulizwi kilobaiti, ni kibibaiti na mebibaiti moja kwa moja. Sisi tumeachwa katikati.

mzee_wa_mbale
Mimi nabaki na 8 yangu. Lakini ile ya 13 na 3 ni 16 nimeipenda.

fundi_arua
Kabla sijafunga duka, jaribuni hii. Chipu ina laini 14 za anwani na laini 4 za data. Mnataka kibibaiti 64 zile zile, kila sehemu iwe na biti nane. Chipu ngapi, na zinapangwaje?

kijana_bugembe
2^14 ni 16,384. Mara 4 ni biti 65,536. Sawasawa na 6264! Kwa hiyo ni kibibaiti 8 kila chipu, na zinahitajika 8. Mpangilio ni ule ule.

binti_jinja
Subiri kaka, idadi ni 8 ila mpangilio hauwezi kuwa ule ule. Chipu hii peke yake haitoi baiti, inatoa nusu. Lazima mbili zikae pamoja kwenye anwani moja, moja itoe D0 mpaka D3, nyingine D4 mpaka D7. Jozi moja ni sehemu 16,384 za biti nane, yaani kibibaiti 16. Zinatakiwa jozi 4. Kuchagua jozi 4 ni laini 2. Na 14 na 2 ni 16.

kijana_bugembe
Kwa hiyo kila laini ya kuchagua inakwenda kwenye chipu mbili kwa mpigo. Nachora sasa hivi, nitaiweka hapa mnikague kabla ya Jumatatu.